Neno la Kwanza Linalomezwa Slaidi Inapogeuka

"Chanje kuku anayeumwa."

Ndivyo simu ilivyosema. Tulikuwa watatu barazani kwenye ofisi ya kata, tunasikiliza somo la chanjo ya kideri kabla halijapelekwa kwa maofisa ugani wengine. Aliyeshika simu alikuwa mama mmoja wa ugani, mzoefu wa kazi yake. Akasimamisha sauti, akaandika kitu kwenye daftari, kisha akamgeukia daktari wa mifugo aliyelirekodi somo lile.

"Daktari, hapa sijakuelewa. Siku zote tunaambiwa kuku mgonjwa aachwe. Utaratibu umebadilika?"

"Sijasema hivyo, mama. Hebu rudisha nyuma."

Akarudisha. Slaidi ikageuka, picha ya jicho la kuku ikatokea, na sauti ikasema vilevile: chanje kuku anayeumwa. Kwenye karatasi ya daktari sentensi ilianza na "Usichanje". Aliisoma nzima siku ya kurekodi, nami sikuwa na sababu ya kumtilia shaka, maana sentensi zake nyingine zote zilisikika safi hadi mwisho. Silabi mbili za mbele hazikuwemo kwenye faili.

Somo halikutoka siku ile.

Kazi yangu katika mradi ule ilikuwa kuchukua slaidi na sauti za wataalamu na kuziweka kwenye Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Kurekebisha slaidi moja ni kazi ya dakika chache. Kilichonisumbua wiki zilizofuata ni swali jingine: kwa nini silabi zile hasa, na kwa nini nilipoanza kusikiliza masomo mengine kwa makini, ya watu wasiofahamiana, nilikuta yamekatika mahali palepale?

## Sauti haikai chini ya slaidi zote

Wengi wetu tukirekodi maelezo kwenye PowerPoint tunadhani tunatengeneza mkanda mmoja mrefu wa sauti, na slaidi zinapita juu yake. Sivyo. Kila slaidi ina faili lake la sauti. Ukitaka kuliona kwa macho, nakili faili la `.pptx`, badilisha mwisho wa jina uwe `.zip`, lifungue, uingie kwenye folda ya `ppt/media`. Utakuta sauti zimepangwa kipande kipande, `media1.m4a`, `media2.m4a` na kuendelea.

Ndani ya folda ya `ppt/slides` kuna maelezo ya kila slaidi, na humo ndimo muda wake umeandikwa kwa milisekunde:

```
<p:transition advTm="23500"/>
```

Maana yake ni kwamba slaidi hiyo itakaa sekunde 23.5, kisha ijigeuze yenyewe. Namba hiyo ndiyo unayoiona kwenye kichupo cha `Transitions`, katika kisanduku cha `After`.

Kwa hiyo unapobonyeza kwenda slaidi inayofuata, programu inafunga faili moja la sauti na kufungua jingine. Katikati ya kufunga na kufungua, hairekodi. Microsoft wenyewe wameliandika hili katika maelekezo yao: sauti hairekodiwi wakati slaidi inabadilika, basi usizungumze ukiwa unageuza, na acha kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila slaidi. Ni onyo la mistari michache. Mtu anayejifunza kwa kubofya vitufe halioni.

Sasa mtazame mwalimu darasani. Anabonyeza na kusema kwa pamoja. Kidole na mdomo vimezoeana kwa miaka. Ndivyo anavyowashika wanafunzi wasipoe. Darasani hakuna kinachopotea, kwa sababu sikio la mwanafunzi halifungwi picha inapobadilika. Mtaalamu yuleyule akikaa mbele ya kompyuta na kufundisha kwa ufasaha wake wote, neno lake la kwanza kwenye kila slaidi linaanguka kwenye lile pengo.

Kadiri anavyofundisha kwa ufasaha bila kusita, ndivyo anavyopoteza zaidi.

## Tunaweka uzito mbele

Pengo lenyewe ni dogo, na msikilizaji mara nyingi hulijaza mwenyewe bila kujua. Akisikia "…chanjo hii hutunzwa mahali pa baridi", haoni kilichopungua. Lakini kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na ukanushi mbele, kabla hata hatujafika kwenye tendo lenyewe. Usichanje. Usimpe. Msitumie. Si salama. Ondoa kipande kidogo cha mbele, kinachobaki bado ni Kiswahili kinachoeleweka, ila sasa kinaagiza kinyume.

Hapo ndipo nilipoacha kuliona jambo hili kama kasoro ya usafi wa sauti. Sauti yenye mvumo wa feni inaudhi, lakini msikilizaji anajua kwamba inaudhi na atakulalamikia. Amri iliyokatwa ukanushi inasikika safi kabisa. Yule mama aligundua kwa sababu alishajua jibu. Ofisa mgeni kazini angeandika kwenye daftari na kwenda kijijini.

Matokeo yake yangekuwa mabaya kwa namna isiyotibika kirahisi. Chanjo ya kideri haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Mfugaji akimwona ofisa akimdondoshea dawa kuku mgonjwa, kisha kuku akafa, atakachokumbuka ni kwamba chanjo imeua. Zamu nyingine, miezi mitatu au minne baadaye, hafungui banda.

## Kimya kinachoonekana kama kosa

Nilimweleza daktari kuhusu pengo. Alinielewa mara moja, akarekodi upya akiacha kimya. Akanirudishia faili akiwa hajafurahi.

"Imekuwa kama nasoma risala msibani," alisema. "Kila slaidi nasimama. Nikisikiliza mwenyewe nalala."

Alikuwa na haki. Kimya cha sekunde moja mwishoni na sekunde moja mwanzoni, ukijumlisha na muda wa slaidi kujigeuza, kinafika karibu sekunde nne. Kwenye slaidi alizoweka sentensi moja moja, somo lilijaa mashimo.

Nikaanza kujiuliza kama ushauri wa kimya ni sahihi, au ni njia ya mashine kulazimisha watu waongee kama mashine.

Kilichonisaidia ni kuyatenganisha maswali mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. La kwanza: kimya kinahitajika kiasi gani ili neno lisikatwe? La pili: mtazamaji anahitaji nini picha mpya inapotokea?

Kwa swali la kwanza, nusu sekunde kila upande inatosha iwapo umeondoa madoido ya mpito. Mpito wa `Fade` huja ukiwa umewekewa sekunde 0.70, na `Morph` sekunde 2. Daktari alikuwa amewekewa `Morph` na kijana aliyempambia slaidi. Tulipochagua `None` kwa slaidi zote, sehemu kubwa ya mashimo yake ilitoweka bila yeye kurekodi neno hata moja upya.

Kwa swali la pili, utafiti upo na ni wa siku nyingi. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na Anderson, walifanya majaribio mwaka 1991 wakitumia picha zinazoonyesha pampu ya baiskeli inavyofanya kazi. Waliosikia maelezo wakati uleule wanapoona picha ikitembea walitatua matatizo mapya vizuri zaidi kuliko waliopewa maelezo kwanza na picha baadaye. Maneno yalikuwa yaleyale na picha zilezile. Tofauti ilikuwa wakati tu.

Lakini "wakati uleule" katika majaribio kama hayo ni wa tendo na neno lake: mpini unapopanda, unasikia kwamba mpini unapanda. Hakuna anayesema neno litoke kabla jicho halijapata pa kutua. Picha mpya ikitokea, mtazamaji huitembelea kwanza kutafuta kipi ni kipi. Ukimpa nusu sekunde, au sekunde nzima kwa picha yenye vitu vingi, neno lako litamkuta yuko tayari. Kimya kile kilikuwa kinamhudumia mwanafunzi tangu mwanzo. Kilichokuwa kinamchosha daktari ni kwamba kilikuwa kingi, na kilikuwa mahali pasipo na haja ya kugeuza slaidi.

## Geuza mara chache

Hili la mwisho ndilo lililobadilisha namna ninavyopanga masomo yote.

Pengo la sauti lipo kati ya slaidi na slaidi. Ndani ya slaidi moja halipo. Ukiweka kitu kijitokeze kwa kubonyeza, kwa kutumia `Animations`, kisha ukarekodi, sauti inaendelea bila kukatika huku PowerPoint ikikumbuka ni wakati gani ulibonyeza. Kwa hiyo mawazo matatu yanayofuatana kwa pumzi moja yasigawanywe katika slaidi tatu. Yaweke kwenye slaidi moja yenye vitu vitatu vinavyojitokeza kwa zamu.

Slaidi igeuke pale ambapo hata mtu anayeongea bila slaidi angetua.

Daktari alikuwa na slaidi nne za kudondosha chanjo: kumshika kuku, kushika kichupa, kudondosha, kusubiri. Tukazifanya moja, yenye picha kubwa ya kichwa cha kuku, na vitu viwili vinavyojitokeza juu yake: kichupa, kisha tone. Hiki ndicho kilichobaki, na muda wake kama ulivyotoka.

Slaidi inafunguka, kimya cha sekunde moja. Kwenye sekunde ya 1 anaanza: "Mshike kuku kwa utulivu, jicho moja likitazama juu." Anamaliza sekunde ya 5. Kwenye sekunde ya 6 anabonyeza, kichupa kinatokea, na kabla nusu sekunde haijaisha anasema: "Kichupa kiwe wima, ili tone litoke kwa ukubwa uleule kila mara, na ncha yake isiguse jicho." Hapo tumefika sekunde ya 12. Anabonyeza tena, tone linatokea, naye anasema: "Dondosha tone moja tu." Kisha ananyamaza.

Kimya hicho kinakaribia sekunde tatu na daktari hakukilalamikia hata kidogo, kwa sababu ndivyo anavyofanya bandani: anadondosha, anatazama. Halafu: "Subiri tone lienee na kuku apepese jicho, ndipo umwachie." Anamaliza sekunde ya 22 na nusu. Tunaacha sekunde moja ya mwisho. Slaidi inageuka kwenye 23.5, na ndiyo ile `advTm="23500"` niliyoionyesha juu.

Ukiitazama, kimya kirefu kuliko vyote kiko katikati ya slaidi, mahali ambapo tendo lenyewe linakidai.

## Onyo liende wapi

Ikabaki sentensi ya kuku mgonjwa. Ilikuwa mwanzoni mwa slaidi ile ya jicho, mahali pabaya kuliko pote. Pendekezo langu lilikuwa kuihamishia mwishoni: "Kuku anayeumwa, usimchanje." Ukanushi ukikaa mwisho wa sentensi na sentensi ikakaa mwisho wa slaidi, pengo la mwanzo haliufikii.

Daktari alikataa.

"Onyo nikiliweka nyuma, atakuwa ameshamshika kuku," alisema. "Mimi nataka alisikie kabla hajafungua kichupa."

Tulibishana, na nikaona kwamba nilikuwa nataka mafundisho yafuate udhaifu wa programu. Mpangilio wa somo ni wake; kazi yangu ni kuhakikisha unafika ulivyo. Tulikubaliana onyo lipate slaidi yake, kabla ya ile ya jicho, ila sentensi ipangwe upya: "Kabla hujaanza, watazame kuku wote. Kuku anayeumwa, usimchanje. Chanjo hii haimponyi." Maneno ya mbele, "kabla hujaanza", yanabeba mzigo mwepesi, hata yakikatwa, amri iko nzima. Na neno "usimchanje" liliandikwa pia kwenye slaidi, peke yake, kwa herufi kubwa.

Tangu hapo nikipokea muswada wa sauti naangalia sentensi ya kwanza ya kila slaidi kabla ya kitu kingine. Nikikuta imeanza na "usi", "ha", "si" au "hakuna", naomba igeuzwe. Hata namba nazihesabu humo: "nusu kijiko" ikianza slaidi na "nusu" ikaanguka, kinachobaki ni kijiko kizima.

Maneno ya kuvusha, yale ya "sasa tutazame" na "tukiendelea mbele", yana makazi yake pia. Watu huyasema huku wanabonyeza. Yahamishie mwisho wa slaidi inayoondoka: sema "sasa tutazame jicho", nyamaza, geuza, nyamaza, anza. Msikilizaji anakaa kwenye kimya akijua anangoja nini, na hapo hakisikiki kama shimo.

## Kwa wasioweza kukatika

Kuna wataalamu ambao hawawezi kurekodi slaidi kwa slaidi. Wakisimama wanapoteza uzi, na wakianza tena sauti imepanda. Kwa hao nimejifunza njia nyingine: warekodi somo zima mfululizo kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kukata sauti, slaidi zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, bila kugusa PowerPoint. Ninawaomba kitu kimoja tu: wakifika mwisho wa slaidi, wafunue karatasi na wavute pumzi.

Kisha ninasikiliza nikiwa nimeweka kidole kwenye `Ctrl+M`. Kila panapopaswa kugeuka, nabonyeza, na Audacity inaweka lebo pale sauti ilipofika. Lebo zikitolewa kama faili la maandishi zinakuwa hivi, kwa sekunde:

```
0.000000	0.000000	s01
38.412000	38.412000	s02
79.905000	79.905000	s03
```

Slaidi ya kwanza inakaa sekunde 38.4. Ya pili ni 79.9 kutoa 38.4, yaani sekunde 41.5. Programu yenyewe inaweza kuikata sauti kwa kufuata lebo, faili moja kwa kila slaidi, nami naingiza kila faili kwenye slaidi yake, naweka `Start` iwe `Automatically`, na muda naujaza kwenye `After`.

Njia hii ina mtego wake, na ni uleule kwa sura nyingine. Ukiwa unasikiliza ili ubonyeze, unabonyeza ukishasikia. Sikio likuambie, kidole kishuke, neno la kwanza limeshaanza. Lebo inakaa ndani ya neno, si kabla yake, na ukikata hapo, silabi ya mbele inabaki kwenye mkia wa slaidi iliyopita. Kwa hiyo sikati kamwe kwa lebo ilivyoangukia. Nakuza picha ya sauti mpaka mawimbi yaonekane moja moja, natafuta sehemu tambarare iliyo kabla ya neno, na kuiburuta lebo hadi katikati ya utambarare huo.

Utaijua lebo iliyochelewa kwa kusikiliza mwisho wa faili lililopita: kuna kijisauti, "u" au "ha", kilichobaki peke yake.

Jambo jingine dogo ambalo sikio hulishika haraka kuliko jicho: kimya cha chumba si kimya tupu. Kuna feni, kuna barabara, kuna jogoo wa jirani. Ukiongeza kimya kwa kutumia amri ya kutengeneza kimya, chumba kinazimika ghafla kisha kinawaka tena, na msikilizaji anahisi sauti imekatika hata kama hakuna neno lililopotea. Ninamwomba kila mtu akae bila kusema kwa sekunde kumi kabla hajaanza kurekodi. Kila ninapohitaji kuongeza kimya, nanakili kutoka kwenye hizo kumi.

## Hadi kwenye simu

Wanafunzi wetu hawafungui `.pptx`. Wanatumia simu, na programu nyingi za simu za kufungulia slaidi hazichezi sauti iliyomo ndani wala hazifuati muda. Kinachoenda Moodle ni video. Kwenye `Export`, chini ya `Create a Video`, lazima ichaguliwe `Use Recorded Timings and Narrations`. Bila hiyo kazi yote ya muda inaachwa nyuma. Pembeni yake kuna kisanduku cha sekunde za kila slaidi, kinachokuja na 5. Hizo tano hupewa slaidi yoyote ambayo haina muda wake. Basi ukiona slaidi moja katikati ya somo imepita kwa sekunde tano kamili, usitafute kosa kwenye sauti. Kuna mtu aliiongeza slaidi ile baada ya kurekodi, na haina muda.

Uzito wa sauti hautishi. Sauti ya mtu mmoja, ya mkondo mmoja, kwa kilobiti 64 kwa sekunde inasikika vizuri kwenye simu na inachukua takriban kilobaiti 480 kwa dakika. Somo la dakika 20 ni chini ya megabaiti 10 za sauti. Ikiachwa kama WAV ya kawaida, dakika moja tu ingekula zaidi ya megabaiti 5. Kinacholipuka ni picha, na kwa slaidi zisizotembea ubora wa 720p unatosha. Maandishi yakishindwa kusomeka hapo, yalikuwa madogo mno tangu kwenye slaidi. Kwa mtu anayenunua bando kwa siku, hilo linaamua kama atalimaliza somo.

Nikishapata video siitazami yote kwanza. Naenda kwenye mipaka. Kila slaidi inapogeuka nasikiliza sekunde mbili kabla na sekunde tatu baada, simu ikiwa kifudifudi mezani na mimi nimeshika muswada. Nafuata kwa kidole: neno la kwanza kwenye karatasi ndilo la kwanza kwenye sikio? Simu ikiwa kifudifudi nashika vilivyokatika, kwa sababu picha haipo ya kunisaidia kubahatisha. Mzunguko wa pili nazima sauti na kutazama tu, nikisoma muswada moyoni kwa mwendo wa msemaji, kuona kama kuna picha inayonitangulia au inayonisubirisha.

Mzunguko wa tatu ni wa mtu asiyejua somo, naye namwomba aandike maagizo anayoyasikia. Simuulizi kama ameelewa. Nasoma alichoandika.

## Slaidi moja ikibadilika

Masomo haya hubadilika. Ratiba ya kurudia chanjo inaweza kurekebishwa, kichupa kikaja cha dozi nyingine. Hapo ndipo sauti iliyokatwa slaidi kwa slaidi inapolipa, maana unarekodi slaidi moja tu na kuacha nyingine. PowerPoint inaruhusu kufuta sauti na muda wa slaidi iliyopo pekee, kwa `Clear`, kisha kuirekodi upya.

Lakini sauti mpya iliyorekodiwa miezi sita baadaye, chumba kingine, mdomo mbali zaidi na kipaza sauti, inasikika kama mgeni aliyeingia katikati ya somo, na mwanafunzi anaacha kusikiliza maneno anasikiliza tofauti. Siku hizi naandika juu ya muswada wa kila somo: chumba gani, kipaza sauti kipi, umbali wa shubiri ngapi kutoka mdomoni, na nahifadhi zile sekunde kumi za kimya cha chumba kwenye faili lake. Slaidi ikibadilika, daktari anarudi kwenye kiti kilekile, anasikiliza slaidi iliyotangulia mara mbili ili ashike kimo cha sauti yake mwenyewe, kisha anasoma sentensi ya mwisho ya slaidi hiyo iliyotangulia, ananyamaza, na ndipo anaisoma mpya. Ile sentensi ya kwanza naikata. Inayobaki inaanza kwa sauti iliyokwisha kupata moto, na sekunde moja ya kimya mbele yake.